Basi la Nne la Dodoma–Kondoa

Ndugu wamiliki wa mabasi, wasimamizi wa ofisi za tiketi, madereva, makondakta, na ninyi abiria mliokuja kusikiliza, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mwenye mabasi hukutana nalo siku moja: niongeze gari kwenye ruti yangu, au nikiongeza nitaiangusha nauli mwenyewe? Nitalijibu kwa kisa kimoja cha watu wawili. Kisa ni cha kutunga na tarakimu zake nimezifanya za mviringo, ili mtu azifuate bila kushika kalamu. Barabara, hata hivyo, ni yetu, na kila hatua ya hesabu mtaitambua.

Ruti ni Dodoma–Kondoa, kilometa kama 160, kupitia Mayamaya na Chemba. Ni sehemu ya ile barabara ya kilometa 251 kwenda Babati, ambayo lami yake ilizinduliwa mwaka 2018. Kwenye ruti hii kuna wamiliki wawili. Mmoja ni mama wa makamo, ofisi yake iko stendi ya Nanenane, na wafanyakazi wake humwita Mama tu. Wa pili ni mzee wa Kondoa ambaye kila mtu humwita Hajji. Mama ana mabasi matatu barabarani, Hajji naye matatu. Kila basi lina siti 50 na hupiga safari moja ya kwenda na kurudi kwa siku, yaani tiketi 100. Nauli iliyozoeleka ni shilingi 7,000. Abiria wanaoshukia Chemba na siti zao kuuzwa upya nimewaacha pembeni. Wanaongeza kidogo, hawabadilishi jibu.

Mama ana basi la nne. Lilikuwa likienda Dar es Salaam, lakini treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, siti zikawa hazijai, akalirudisha nyumbani. Deni lake limeshakwisha. Limeegeshwa yadi, linapigwa vumbi, na kila asubuhi analipita anapokwenda ofisini. Swali lake ni je, alipeleke Kondoa?

Tuanze na gharama, maana hapo ndipo wengi hukosea kwa kuchanganya mambo. Safari ya kwenda na kurudi ni kilometa 320. Basi la namna hii, kwa wastani wa kilometa 3 kwa lita, linakunywa lita 107 hivi za dizeli. Tukichukua lita kwa shilingi 2,800, ni kama shilingi 300,000. Posho ya dereva 30,000 na ya kondakta 20,000. Ushuru wa stendi, usafi na wapiga debe 15,000. Akiba ya tairi, oili na servisi 35,000, na hii muiweke kila siku hata kama hakuna kilichoharibika, kwa sababu tairi haliishi siku linapopasuka, linaisha kidogo kidogo kila kilometa. Jumla ni 400,000. Hizi ndizo gharama zinazokuja kwa sababu gari limetoka. Bima, leseni na kodi ya ofisi hazimo humu, kwa kuwa Mama anazilipa basi likitoka au likilala.

Kwa nauli ya 7,000, basi moja linaingiza 700,000, likitoa 400,000 linabaki na 300,000. Mabasi matatu yanampa Mama 900,000 kwa siku, na Hajji vivyo hivyo.

Sasa msimamizi wake, kijana makini tu, akaingia ofisini jioni moja na daftari.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"

"Nimepiga hesabu ya lile basi la yadi. Tiketi 100 mara 7,000 ni laki saba. Toa laki nne, inabaki laki tatu kila siku. Mama, tunalaza laki tatu pale yadi."

Mama akalisoma daftari mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Hao abiria 100 watatoka wapi?"

Ni swali zito. Abiria walio tayari kulipa 7,000 kwenda au kurudi Kondoa siku ya kawaida wameshabebwa na mabasi sita yaliyopo. Atakayekuja kununua siti ya basi la saba ni yule ambaye kwa 7,000 angeahirisha safari, angepanda Noah ya kuchangia, angemtuma mtu, au angesubiri lori la mazao. Ili apande, nauli lazima ishuke. Na nauli ikishuka kwa ajili yake, inashuka kwa kila aliyeko stendi, pamoja na wale ambao wangelipa 7,000 bila neno.

Inashuka kiasi gani? Mama alikuwa na jibu kwenye kumbukumbu za tiketi zake. Miezi kadhaa nyuma, basi moja la Hajji liliharibika giaboksi likakaa gereji siku kumi. Siku hizo zilibaki gari tano barabarani, na nauli ikakaa kwenye 7,500 huku gari zote zikijaa. Liliporudi, nauli ikarudi 7,000. Basi moja, shilingi 500. Akachukulia kwamba hata kwenda upande wa pili itakuwa hivyohivyo: gari la saba litaishusha nauli hadi 6,500, la nane hadi 6,000.

Naomba tukae hapa kidogo, maana kipimo hiki ndicho kinachoamua kila kitu na ni rahisi kukikosea. Kwa nini Mama alitazama siku za giaboksi na si siku za sikukuu, ambapo idadi ya mabasi hubadilika zaidi? Kwa sababu sikukuu huleta mabasi na abiria kwa pamoja. Ukitazama Desemba utaona mabasi yameongezeka na nauli imepanda, ukadhani kuongeza gari hupandisha nauli. Kumbe abiria waliongezeka kuliko siti. Giaboksi, kwa upande wake, haijui kama abiria ni wengi au wachache, imekufa tu. Siti zimepungua huku abiria wakiwa walewale, kwa hiyo badiliko la nauli limetokana na siti peke yake. Mkitaka kujua nauli yenu inashuka kiasi gani kwa kila gari, tafuteni siku za namna hiyo: gari lililoharibika, gari lililokodiwa msibani, dereva aliyeugua. Tiketi za kielektroniki zina tarehe, saa na kiasi, kwa hiyo kazi hiyo ni ya jioni mbili tatu. Ila mziangalie siku hizo zisiangukie wiki ya kufungua shule au msimu wa mavuno, la sivyo mnarudi kwenye kosa la Desemba.

Turudi kwenye daftari la kijana. Gari la saba likitoka, nauli inakuwa 6,500. Basi la nne la Mama linaingiza 650,000, likitoa gharama linabaki na 250,000, si 300,000. Halafu kuna hasara ambayo daftari halikuiona kabisa: yale mabasi yake matatu ya zamani yanapoteza 500 kwenye kila tiketi, na yana tiketi 300. Hiyo ni 150,000. Faida halisi ya kulitoa basi la nne ni 250,000 kutoa 150,000, yaani 100,000 kwa siku. Jumla yake inatoka 900,000 kwenda 1,000,000.

Laki moja bado ni fedha. Kama kisa kingekuwa na mtu mmoja, kingeishia hapa. Lakini tazameni upande wa Hajji. Yeye hajafanya lolote, hajaongeza wala kupunguza, na amepoteza 500 kwenye tiketi 300. Alikuwa na 900,000, sasa ana 750,000. Wote wawili kwa pamoja walikuwa na 1,800,000, sasa wana 1,750,000. Mama amepata laki moja, Hajji amepoteza laki na nusu. Ndiyo maana gari linaloonekana la faida kwa aliyeliongeza linaweza kuwa la hasara kwa ruti nzima: aliyeongeza anahesabu nauli iliyopungua kwenye mabasi yake, ya mwenzake haihesabu.

Hajji atakaa kimya? Fanyeni hesabu yake, si ya hasira yake. Akibaki na matatu ana 750,000. Akileta la nne, gari zinakuwa nane, nauli 6,000, kila basi linabaki na 200,000, na mabasi manne yanampa 800,000. Ana 50,000 zaidi kwa kuongeza. Kwa hiyo akiwa na gari, ataongeza. Na hapo Mama naye anakuwa na 800,000, pungufu ya laki moja kuliko siku aliyokuwa na mabasi matatu na usingizi wake.

Watauana hadi lini? Si milele, na hili huwa linawashangaza watu. Tuseme wote wana manne na Mama anafikiria la tano. Gari tisa, nauli 5,500, kila basi 150,000, matano yanampa 750,000. Alikuwa na 800,000. Hapati kitu. Hajji naye hivyohivyo. Kwa hiyo wanakwama kwenye manne kwa manne, kila mmoja akiwa hana sababu ya kuongeza wala kupunguza peke yake. Mfaransa Antoine Augustin Cournot aliichora hesabu ya namna hii mwaka 1838 kwa wenye chemchemi mbili za maji, na tangu hapo imetumika kwa viwanda, ndege na mafuta. Jibu lake ndilo hili: wawili wakishindana kwa idadi, nauli haibaki juu kama ambavyo mmoja angeiweka, wala haishuki hadi kwenye gharama. Hapa gharama kwa tiketi ni 4,000, nauli ya mmiliki aliye peke yake kwenye ruti ingekuwa 7,000, na wawili wanaishia 6,000.

Mtu ataniuliza: kwa nini Mama asiongeze gari na kuendelea kuuza 7,000? Nani kamlazimisha kushusha? Jibu liko mlangoni mwa basi, robo saa kabla ya kuondoka. Dizeli imeshajazwa, dereva ameshalipwa, ushuru umekatwa. Siti 15 ziko wazi. Abiria anasimama mlangoni na kusema ana 5,000. Kumbeba hakuongezi gharama inayoonekana, kumwacha ni kupoteza 5,000. Kondakta yeyote mwenye akili atamchukua. Gari la jirani nalo lina siti wazi, mpiga debe wake anaita 4,500. Dakika ile hakuna wa kuisimamisha nauli. Kibao cha ofisini kinasema 7,000, mlangoni ni nyingine. Nauli iliamuliwa siku ile idadi ya magari ilipopangwa. Mlangoni inatimia tu. Mwaka 1983 wachumi David Kreps na José Scheinkman walionyesha kwamba, kwa masharti fulani, wafanyabiashara wanaopanga kwanza uwezo wao na kisha kupigania bei huishia palepale pa Cournot. Kwa hiyo anayetaka kulinda nauli aanzie kwenye ratiba, mpiga debe ni mtu wa mwisho wa kumlaumu.

Na soko linahesabu siti, halihesabu namba za usajili. Kulifanyisha basi lilelile safari mbili kwa siku, madereva wawili, kilometa 640, ni sawa na kuongeza gari. Nauli itashuka vilevile.

Sasa kuna wazo ambalo limeshawajia baadhi yenu: Mama ampigie Hajji simu, wakubaliane wabaki matatu kwa matatu kwa 7,000. Msifanye hivyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana juu ya bei au kupunguza huduma kwa makubaliano, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Na mimi naikubali sheria hiyo kwa moyo. Manne kwa manne ni hasara ya laki moja kwa kila mmiliki, lakini kwa watu wa Chemba na Kondoa ni nauli iliyopungua shilingi 1,000 na tiketi 200 zaidi kila siku, kwa watu ambao zamani walikuwa wakikaa nyumbani au kupanda juu ya magunia. Mmiliki ana haki ya kupiga hesabu zake peke yake na kuamua asiongeze. Kupatana na mwenzake ni jambo lingine.

Mama hakupiga simu. Alimtuma kijana akatazame yadi ya Hajji kule Kondoa, kwa macho tu kutoka barabarani. Hii nimeipenda, maana watu hupoteza muda kukisia tabia ya mshindani wakati jibu limeegeshwa nje. Kama Hajji hana gari la ziada, itabidi akope. Tuchukue marejesho ya shilingi 4,000,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni kama 154,000 kwa siku. Kuongeza la nne kungempa 50,000 na kumgharimu 154,000. Asingeongeza, na Mama angekula laki yake kila siku kwa muda mrefu.

Kijana akarudi. "Mama, kuna moja liko chini ya mwarobaini. Tairi zimejaa upepo, na kioo cha mbele hakina vumbi."

Yaani ni gari linalowashwa. Hajji anaweza kujibu, na kujibu kwake ni suala la muda wa kupata leseni ya gari na ratiba kutoka LATRA. Mama akakadiria siku 30 za kazi. Hapo hesabu inakuwa nyepesi: siku 30 za kupata laki moja zaidi ni milioni 3. Kuanzia siku ya 31 anapungukiwa laki moja kila siku. Siku ya 60 milioni 3 zimekwisha, na kila siku baada ya hapo ni hasara tupu ukilinganisha na alipoanzia. Angeweza kulirudisha gari yadi? Angeweza, lakini Hajji akiwa na manne barabarani, Mama akirudi matatu anapata 750,000 badala ya 800,000. Mlango wa kurudi umefungwa na gari la Hajji.

Kwa hiyo kwa siku za kawaida jibu lake lilikuwa hapana. Angalieni pia kwamba kama basi lenyewe lingekuwa la mkopo, jibu lingekuwa hapana hata Hajji akiwa amelala usingizi: laki moja kutoa 154,000 ni hasara tangu siku ya kwanza. Wengi wanaofilisika kwenye ruti zetu hawakushindwa na mshindani, walikopa gari la kuongeza kwa hesabu ya yule kijana, laki tatu kwa siku.

Lakini wiki haina siku za kawaida tupu. Ijumaa mchana wafanyakazi wa hapa makao makuu wanakwenda makwao, na Jumapili jioni wanarudi. Hapo kuna jambo ambalo hesabu yetu mpaka sasa haijaligusa: nauli kikomo. LATRA hupanga kiwango cha juu ambacho mmiliki haruhusiwi kukivuka. Kwa tangazo la Desemba 2023, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilometa, na kwa kilometa 160 hiyo ni kama 7,750. Kushuka chini yake ni ruhusa, kupanda ni kosa. Tuseme Ijumaa abiria ni wengi kiasi kwamba, kama kusingekuwa na kikomo, mabasi sita yangejaa kwa 10,000. Kikomo kinasema 7,750, mabasi yanajaa kwa 7,700, na watu wanabaki stendi na mabegi yao.

Siku hiyo gari la saba halishushi nauli hata senti. Linawabeba waliobaki, kwa nauli ileile. Ile 150,000 ya hasara kwenye mabasi matatu ya zamani haipo. Hajji hapotezi kitu, kwa hiyo hana cha kujibu. Mama akapanga hivi: basi la nne liondoke Nanenane Ijumaa saa kumi jioni limejaa, lilale Kondoa, lirudi Jumapili saa tisa alasiri limejaa. Tiketi 100 kwa 7,700 ni 770,000. Kutoa 400,000 inabaki 370,000, na malazi pamoja na posho ya ziada ya siku mbili tuseme 50,000. Zinabaki 320,000 kwa wiki. Angelirudisha siku ileile ya Ijumaa lingekuja na siti wazi, na siti hizo wazi zingeshusha nauli ya mabasi yake mengine yanayotoka Kondoa. Kulilaza kule ndiko kunakoleta faida.

Utajuaje kuwa kikomo kinabana kweli, na si kelele za stendi? Hesabuni wanaofika dirishani baada ya tiketi za gari la mwisho kwisha, kwa wiki nne au tano. Waandikwe kwa simu zao, kwa sababu mtu mmoja huuliza kwa Mama, akaenda kuuliza kwa Hajji, na ofisi mbili zikamwona kuwa ni wawili. Mkiona kila Ijumaa wanazidi 40, gari lina abiria. Wakiwa 15, siti 35 zitauzwa kwa kupunguza, na mmerudi kwenye mapigano ya mlangoni. Dalili nyingine ni abiria kusimamishwa njiani, jambo ambalo ni kosa na halionekani kwenye tiketi za kielektroniki; linaonekana pale fedha za kondakta zinapozidi tiketi zilizokatwa. Ratiba ya gari hilo la Ijumaa nayo iombwe LATRA mapema. Gari lisilo na ratiba likikamatwa, faini inakula wiki kadhaa za hizo 320,000.

Kuna mtu wa tatu ambaye bado hajatajwa, naye hufika pale anaponusa harufu ya 300,000 kwa basi. Wakati wamiliki wawili wako matatu kwa matatu, mgeni akija na gari moja la mkopo, zinakuwa saba, kila gari linabaki na 250,000. Akitoa marejesho ya 154,000 anabaki na 96,000. Atakuja. Kama wangekuwa manne kwa manne, gari lake lingekuwa la tisa, lingebaki na 150,000, na marejesho yangelimeza lote. Asingekuja. Kwa hiyo yale matatu kwa matatu yenye faida nono yanakaa kwa muda tu, hadi mgeni apate leseni. Na mgeni mwenye gari lisilo na deni, kama yale yaliyokosa abiria wa Dar es Salaam, angekuja hata kwa hiyo 150,000, mradi linamlipa kuliko kulala.

Ndiyo maana Mama hakuliuza basi la nne na hakulikodisha kwa mkataba wa mwaka. Linafanya Ijumaa na Jumapili, siku nyingine linakwenda harusini na misibani kwa kukodiwa, na kijana ameagizwa aweke tayari nakala za kadi ya gari, bima na cheti cha ukaguzi kwa ajili ya ombi la ratiba ya kila siku. Siku atakaposikia Hajji ameleta la nne, au mgeni ameingia na moja, ombi linapelekwa asubuhi yake: gari nne zikiwa upande wa pili, mabasi matatu yanampa 750,000 na manne yanampa 800,000. Hiyo 50,000 inatosha kulitoa basi lisilo na deni. Lingekuwa la mkopo, angelibakiza yadi.

Asanteni. Maswali yaanze na walioko nyuma.